Nina bima ndogo, mbona nadaiwa na kampuni ya bima ya mwenzangu?

*"Habari za kazi. Mwezi wa tatu niliigonga Harrier kwa nyuma pale mataa ya Mwenge. IST yangu ina bima ndogo na ilikuwa hai. Trafiki walikuja, wakapima, nikalipa faini ya 30,000. Mama mwenye Harrier nilimtumia 500,000 kwa M-Pesa tukaagana vizuri, akasema atatengeneza kwa bima yake kubwa. Bima yangu sikuwaambia kitu. Sasa miezi mitano imepita, nimeletewa barua ya wakili wa kampuni ya bima yake: nilipe 7,050,000 ndani ya siku 14. Huyo mama si alishawalipa kwa kazi hiyo hiyo? Na bima yangu ni ya nini basi? Nilipe au nichane?"*

Usilipe, na usichane. Piga picha kila ukurasa wa barua hiyo pamoja na bahasha yake, kisha ipeleke leo kwa kampuni iliyokukatia bima ndogo, na usiondoke dirishani mpaka wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Wakili aliyekuandikia usimpigie kwanza. Mtu aliyeshtuka akipiga simu husema "naomba mnipunguzie, nitalipa kidogo kidogo", na maneno hayo huwa ni kukiri deni ambalo huenda si lako wewe kulilipa kutoka mfukoni.

Nimekaa kwenye dawati la madai miaka kumi na minne, na barua kama yako nimeziandika nyingi sana kabla sijahamia upande wa kuzijibu. Kosa la wanaozipokea ni lile lile: wanadhani kampuni ya bima imezua deni jipya. Dai ni la yule mama. Siku ulipoigonga Harrier yake kwa uzembe, alipata haki ya kukudai gharama ya kuirudisha gari ilivyokuwa. Haki hiyo aliipata palepale barabarani, kabla kampuni yoyote haijajua kitu. Kampuni yake ilipomlipa, ilishika nafasi yake na kuichukua haki hiyo jinsi ilivyo. Wanasheria wanaiita subrogesheni. Ndiyo maana ukipelekwa mahakamani, kwa kawaida utaona jina la mama kwenye hati ya madai, si la kampuni, ingawa wakili analipwa na kampuni na mama mwenyewe pengine hajui kesi imefika wapi.

Kuhusu swali lako la kwamba alishawalipa: ada aliyolipa mama ilinunua ahadi ya kumtengenezea gari bila kungoja wewe upatikane, ukubali au ushindwe. Haikununua msamaha wako. Kama ingekuwa hivyo, mtu mwangalifu anayekata bima kubwa angekuwa anawalipia wazembe wote wa jiji. Upande wa pili, asingeruhusiwa kulipwa na bima yake halafu akulipishe na wewe, akapata Harrier moja na nusu kwa ajali moja. Kwa hiyo sheria inamlipa mara moja tu, na mzigo wa mwisho unarudi kwa aliyesababisha.

Sasa mstari huo wa "kushika nafasi yake" ndio ngao yako. Kampuni haipati zaidi ya alichokuwa nacho mama. Kama mama naye alichangia ajali, dai linapungua kwao vile vile. Kama mama aliridhia kumaliza jambo, nalo linawagusa. Hata muda wa kushtaki: kwa sheria ya ukomo ya Tanzania, dai la uzembe lina miaka 3, na inahesabiwa tangu siku ya ajali, si tangu siku kampuni ilipolipa gereji. Kwako miezi mitano tu imepita, kwa hiyo usiweke matumaini hapo, ila nimeona barua za madai ya mwaka wa nne zikilipwa na watu waliokuwa hawajui.

Kuna kesi ya zamani ya Uingereza, ya mwaka 1877, naipenda kwa sababu inaonyesha ukingo wa haki hii. Meli mbili za mwenye mmoja ziligongana, moja ikazama kwa kosa la nyingine. Waliobima iliyozama wakamlipa, kisha wakataka kudai fidia kwa sababu ya kosa la ile nyingine. Wakashindwa: mwenye meli hawezi kujishtaki mwenyewe, na wao wameshika nafasi yake. Ndiyo maana hata leo mwenye bima kubwa akigonga ukuta wake kwa uzembe, kampuni yake inamlipa na haimdai. Uzembe wa mteja ni moja ya vitu alivyolipia.

Turudi kwenye bima yako ndogo, maana hapo ndipo utakapopona au kuumia. Ulilipa 118,000, yaani 100,000 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Pesa hiyo haigusi IST yako hata kidogo. Bampa lako na rejeta uliyobadilisha ni juu yako, na hilo nadhani umeshalijua. Ilichonunua ni kinga dhidi ya madai ya watu wengine. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 169, inalazimisha kinga hiyo kwa ajili ya kifo na majeraha ya mtu wa tatu. Uharibifu wa mali za watu, kama Harrier, unaingia kupitia maneno ya mkataba wenyewe, nao una kikomo kilichoandikwa. Kwa hiyo kabla ya yote omba mkataba kamili. Usiridhike na stika. Watu wengi wanamiliki stika miaka kumi na hawajawahi kuona karatasi za mkataba. Tafuta sehemu inayosema dhima kwa mali ya mtu wa tatu na kiasi chake. Kikomo kikiwa juu ya dai, barua uliyopewa ni ya kampuni yako kuijibu na kuilipa. Kikiwa chini, tofauti ni yako.

Hakikisha pia kwamba bima hiyo ilikuwepo kweli siku ya ajali. Ingiza namba ya gari kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, uone jina la kampuni na tarehe ya kuanza na kuisha. Nasema hivi kwa sababu wapo mawakala waliokula ada za watu, na mteja anakuja kugundua miezi mitano baada ya ajali, akiwa na barua mkononi kama wewe.

Unayo matatizo mawili ya kujitakia, na ni bora uyajue kabla hujafika dirishani. La kwanza ni kukaa kimya miezi mitano. Karibu kila mkataba unakutaka utoe taarifa mara moja ajali ikitokea, na kampuni yako itaishika hoja hiyo. Usivunjike moyo ukaacha kupeleka. Kuchelewa kunawapa sababu ya kubisha, lakini ushahidi wote upo: polisi walipima siku hiyo hiyo, Harrier ilikaguliwa na mkadiriaji hasara kabla haijaguswa, na picha zipo. Mweleze afisa madai kwamba kuchelewa kwako hakujawanyima nafasi ya kuchunguza chochote. Wakikataa, dai wakuandikie sababu kwa barua, kisha uichukue barua hiyo kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Malalamiko ya mteja dhidi ya kampuni yake ndiyo kazi ya ofisi hiyo.

La pili ni ile 500,000. Mikataba hii inakukataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Ulifanya kiungwana, ninakuelewa, Mtanzania hawezi kumgonga mama wa watu akasimama tu na mikono mfukoni. Lakini iseme wazi kwao, usiifiche, kwa sababu pesa hiyo hiyo inaweza kukusaidia kwenye hesabu.

Je, ilimaliza kesi? Hapa inategemea mlichokubaliana. Kama mama angekuandikia "nimepokea 500,000, simdai tena chochote kuhusu ajali hii" kabla bima yake haijamlipa, na wewe hujui habari za bima, haki yake ingekufa palepale, na kampuni ingekuta haina cha kurithi. Ingebaki kugombana na mteja wao kwa kuwaharibia. Lakini wewe mwenyewe unasema alikwambia anatumia bima kubwa. Maana yake ulijua kuna kampuni nyuma yake, na maneno ya "tukaagana vizuri" hayatoshi kuwa makubaliano ya kufuta dai la mamilioni. Kwa hiyo usitegemee kwamba yamekwisha. Ichukulie ile 500,000 kama malipo ya sehemu: ujumbe wa M-Pesa wenye jina lake, kiasi na tarehe ni risiti, na kiasi hicho lazima kitoke kwenye jumla. Mwambie tu mtandao wakutolee taarifa ya miamala ya mwezi huo kama umeshaufuta ujumbe.

Sasa tuichambue barua yenyewe. Hujanitumia karatasi zote, ila kutokana na mchanganuo ulioniandikia baadaye, jumla inatokana na vitu vinne: ankara ya gereji 5,900,000, ada ya mkadiriaji hasara 400,000, brekidauni 150,000, na "gharama za wakili" 600,000.

Anza na ile ya mwisho. Gharama za wakili kabla ya kesi hazidaiwi hivi hivi. Ni mahakama inayoamua nani amlipe nani gharama, na kiasi gani. Kuzitia kwenye barua ya kwanza ni mazoea, na mara nyingi huondolewa mtu anapouliza tu. 600,000 hiyo iweke pembeni. Brekidauni ni halali, gari lilivutwa kwa sababu yako, mradi risiti ipo. Ada ya mkadiriaji ni ya kubishania: wao watasema isingekuwepo bila ajali, wewe utasema ni gharama ya kuendesha biashara yao ya bima, na kwamba mama mwenyewe asingehitaji mkadiriaji ili kutengeneza gari lake. Mimi ningeibishia, lakini nisingeifanya hoja ya kufia.

Pesa kubwa iko kwenye ankara ya gereji, na hapo ndipo pa kuweka macho. Omba vitu vitatu: ripoti ya mkadiriaji yenye picha, ankara iliyolipwa, na hati ambayo mama alisaini kukubali malipo. Hati hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba kampuni imelipa kweli. Kampuni isiyomlipa mteja wake bado haijashika nafasi yake, na nimewahi kuona barua zikitumwa gari likiwa bado liko gereji halijafunguliwa hata bolti moja. Kisha chukua mchoro wa polisi uweke kando ya ankara. Uliigonga kwa nyuma. Ukikuta taa ya mbele kushoto ya 480,000, kama ulivyoniandikia, jiulize iliumiaje. Wakati mwingine kuna jibu la kweli: Harrier ilisukumwa ikagonga iliyokuwa mbele. Lakini wewe unasema mbele yake palikuwa wazi, na mchoro hauonyeshi gari la tatu. Hilo basi ni donda la zamani lililopandishwa kwenye ajali yako. Gereji hufanya hivyo, wenye magari hufanya hivyo, na mkadiriaji mvivu hupitisha.

Toa taa: 5,900,000 inabaki 5,420,000. Ongeza brekidauni 150,000, unapata 5,570,000. Toa 500,000 uliyokwisha lipa, unafika 5,070,000. Hicho ndicho kiasi ambacho, kwa karatasi nilizoelezwa, ni vigumu kukikwepa, maana aliyegonga kwa nyuma kwenye mataa ana kazi kubwa sana ya kueleza kwamba hakuwa na kosa. Faini ya 30,000 uliyolipa haiwi hukumu ya mahakama, lakini usitegemee hakimu ataipuuza.

Kuna kitu kidogo ndani ya hesabu hiyo watu hawakioni. Bima kubwa nayo haimlipi mteja kila kitu. Kuna kiasi cha mwanzo anachobeba mwenyewe, wanakiita eksesi. Tuseme kwa mama kilikuwa 590,000. Kampuni imelipa gereji 5,310,000, na mama ametoa 590,000 yake. Dai dhidi yako linaweza kubeba vyote viwili kwa sababu vyote ni hasara ya mama, ila sehemu ya 590,000 inapaswa kurudi kwake. Na wewe ulishamtumia 500,000, ambayo pengine ndiyo aliyoitumia kulipia eksesi hiyo. Kama ndivyo, pesa yako ilishaingia gereji mara moja. Huenda kampuni haijui kabisa, kwa sababu mama hakuwaambia. Wakili akiona risiti ya M-Pesa atakuwa mpole zaidi kuliko alivyokuwa kwenye barua.

Nikirudi kwa kampuni yako: ikikubali dai, kuanzia hapo kazi ni yao. Watamjibu wakili, watajadiliana, na watalipa moja kwa moja. Wewe utatakiwa tu kujaza fomu ya ajali, kutoa leseni, kadi ya gari na taarifa ya polisi. Ikija hati ya wito wa mahakama katikati ya mazungumzo, usidhani kwamba mazungumzo yanaisimamisha. Una siku 21 za kuwasilisha utetezi wa maandishi, zikipita wanaweza kupata hukumu ya upande mmoja, na kampuni yako itakuwa ya kwanza kusema uliwaficha wito. Peleka siku hiyo hiyo.

Je, kampuni yako ikilipa inaweza kukugeukia wewe? Kwa ajali ya kawaida ya uzembe, hapana. Uzembe wako ndicho kitu ulichokatia bima, kama mwenye meli yule. Inabadilika kama ulikuwa umelewa, huna leseni ya daraja hilo, au IST iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi ilikuwa inabeba abiria wa kukodi kwa programu ya simu. Hili la mwisho ulitazame kwa uaminifu, maana hujaniambia ulikuwa unatoka wapi, na ukaguzi wa simu ya dereva siku hizi si jambo la ajabu.

Na hapo kuna tofauti inayowaumiza wengi. Ungekuwa umemjeruhi mwendesha bodaboda katika hali kama hizo, sheria ingeilazimisha kampuni yako, kwa mipaka yake, kutekeleza hukumu ya majeruhi kwanza, halafu ikufuate wewe kudai pesa yake. Sheria inamlinda aliyeumia. Harrier haina ulinzi huo. Kwa uharibifu wa mali, kampuni inaweza kukukatalia tu tangu mwanzo, na barua ya wakili ikabaki mezani kwako peke yako.

Kwenye ujumbe wako wa baadaye uliuliza pia kama mwakani ukate bima kubwa. IST yako ukiithamini 12,000,000, kwa kiwango kilichozoeleka cha asilimia 3.5 ada ni 420,000, ukiongeza kodi jumla inafika 495,600, labda kampuni iwe na kima cha chini kilicho juu ya hapo. Tofauti na 118,000 ni 377,600. Fahamu kwamba isingekuokoa na barua hii. Upande wa madai ya wengine, bima kubwa inafanya kazi ile ile ya bima ndogo, ingawa kikomo cha mali huweza kuwa tofauti. Ingekutengenezea bampa na rejeta yako, na ingekulipa gari likiibiwa au kuungua. Kwa gari la 12,000,000 ambalo ndilo linakupeleka kazini, ningekata. Kwa gari la 4,000,000 ningebaki na ndogo, na ningetumia nguvu kutafuta kampuni yenye kikomo kikubwa cha mali ya mtu wa tatu, kwa sababu barabara ya Sam Nujoma imejaa magari ya milioni themanini na taa zao peke yake ni bei ya gari lako.

Ukishapata muhuri wa kampuni yako, mwandikie wakili mistari mitatu tu: barua imepokelewa, imepelekwa kwa kampuni ya bima (taja jina, namba ya stika na tarehe), na unaomba ripoti ya mkadiriaji, ankara na uthibitisho wa malipo. Usiombe radhi, usieleze ajali ilivyokuwa, usitaje kiasi. Risiti ya M-Pesa mpe afisa madai wako, aitoe yeye wakati wa kujadiliana.